Trei Zinapopungua Ghafla Bandani

Chukua banda la kuku 300 wa mayai huko Kibaha, kuku wa wiki 40, wanaotaga mayai 255 kwa siku, yaani trei 8 na nusu. Siku tano baadaye zinajaa trei 6 tu, na mayai 10 juu yake. Wafugaji wengi hapo hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakarudi na antibayotiki ya unga na kuikoroga kwenye maji ya kuku. Naupinga mtindo huo kwa moyo wote. Mara nyingi chanzo si bakteria, na mabaki ya dawa hiyo huingia kwenye mayai ambayo watoto watayala kesho yake.

Ukishahakikisha kwamba mayai hayaliwi na kuku wenyewe wala hayaibwi, anza na gunia la chakula. Kuku wa mayai hula kati ya gramu 110 na 120 kwa siku. Kuku 300 basi watamaliza kilo 35 hivi, na gunia la kilo 50 halifikishi siku mbili. Kama siku hizi linafika siku mbili kamili, kuku wamepunguza kula, na swali linageuka: kwa nini hawali?

Jibu la kwanza la kutafuta ni maji. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na wakati wa joto zaidi ya hapo, kwa hiyo banda hili linahitaji lita 70 au zaidi kila siku. Kuku aliyekosa maji huacha kula, na akiyakosa kwa siku nzima anaweza kuacha kutaga kwa wiki kadhaa, hata kuanza kunyonyoka manyoya. Usiridhike kuona tangi limejaa. Nenda saa nane mchana, utie mkono ndani ya chombo wanachonywea. Tangi jeusi lililo juani hutoa maji ya moto, na kuku huyakataa. Katika banda kama hili, kuhamishia tangi kivulini kunaweza kurudisha ulaji katika siku chache. Mayai hufuata taratibu, kwa sababu kiini huchukua siku 7 hadi 10 kukua kabla hakijatoka kwenye ovari. Ndiyo maana daftari la kila siku lina thamani: sababu ya upungufu wa leo huenda ilitokea wiki iliyopita, siku lilipofunguliwa gunia la fomula mpya au bomba lilipokatika.

Kuhusu mwanga, vitabu vya Ulaya hulaumu majira ya baridi, lakini pwani yetu urefu wa mchana hubadilika kwa saa moja hivi tu mwaka mzima. Jua haliwezi kuangusha mayai kwa siku tano. Taa inaweza. Mfugaji anayewasha taa kuanzia saa kumi alfajiri na kuizima saa mbili usiku amewazoesha kuku saa 16 za mwanga. Umeme ukikatika usiku kadhaa mfululizo, mwili wa kuku huona siku imefupika na kupunguza utagaji.

Sababu zote hizo hupunguza hasa idadi. Maganda yakiharibika pia, shuku ugonjwa au upungufu wa chokaa kwenye chakula. Mayai ya kahawia yakianza kupauka, kisha yakaja yenye ganda laini au yasiyo na ganda kabisa, huku kuku wakionekana wazima, fikiria EDS, virusi vilivyotambuliwa mwaka 1976 ambavyo asili yake ni bata na huweza kuletwa na trei chafu za kuazima. Maganda yakiwa na mikunjo, pasua yai juu ya sahani: ute ukitawanyika kama maji, na bandani kunasikika kukohoa, inaelekea ni bronkaitisi ya kuambukiza. Mdondo nao, ambao wengine huuita kideri, unaweza kupita kwa kuku waliochanjwa bila kuua hata mmoja, ukaacha alama ya mayai kupungua tu. Magonjwa haya matatu ni ya virusi, na antibayotiki haiviui.

Dalili hizo huelekeza tu; maabara ndiyo inayothibitisha. Mwite afisa mifugo, au peleka mwenyewe kwenye maabara ya TVLA kuku wawili au watatu walioanza kuumwa leo, wakiwa hai. Aliyekufa jana na kulala juani ameshaoza, na haonyeshi mengi. Ongeza mayai mabovu kadhaa, kilo moja ya chakula kutoka gunia linalotumika, tarehe za chanjo na daftari la mayai. Mpaka majibu yatoke, trei zako zisitoke kwenda banda la jirani.