Viraka kwenye insha

Msichana wa mwaka wa pili, anayesoma sayansi ya siasa, alinijia na insha yake imezungushiwa kalamu nyekundu. Swali lilikuwa kwa nini vijiji vya Ujamaa havikuongeza mavuno kama ilivyotarajiwa. Pembeni ya aya ya tatu mwalimu wake alikuwa ameandika maneno matatu tu: wizi wa kitaaluma. Alikuwa karibu kulia. “Mwalimu, sikuiba. Niliandika kwa maneno yangu, na jina la Hyden nimeliweka.”

Nilimwamini. Nilimwomba aniletee daftari lake la noti, maana mambo haya huanzia kwenye daftari, wiki tatu kabla ya insha.

Hoja aliyokuwa akiieleza ni ya Goran Hyden, katika kitabu chake cha 1980 kiitwacho Beyond Ujamaa in Tanzania. Kwa ufupi, Hyden anadai kwamba wakulima wadogo wa Tanzania walikuwa hawajatekwa, si na dola wala na soko. Walilima chakula chao wenyewe kwa jembe lao na nguvu za familia zao, na walipopata shida walikuwa na jamaa, majirani na waumini wenzao wa kuwategemea. Serikali ikitoa amri wasizozitaka, waliweza kujitoa polepole bila kufa njaa. Ni hoja maarufu, na ina wapinzani wake.

Daftari lilikuwa na noti nzuri, za mwandiko safi. Tatizo ni kwamba usingeweza kujua sentensi ipi ni ya kitabu na ipi ni yake. Hapakuwa na alama za kunukuu wala namba ya ukurasa. Siku alipoandika insha, kitabu kilikuwa kimesharudi maktaba, na yeye akayachukulia maneno yote ya daftari kuwa yake.

Nitaonyesha kilichofuata kwa mfano niliotunga mwenyewe, nisije nikanyanyua maneno ya mtu humu humu. Tuseme kitabu cha kiada kinaifupisha hoja ya Hyden hivi: “Mkulima mdogo hakuwa mateka wa soko wala wa serikali, kwa sababu jembe, shamba na nguvukazi vyote vilikuwa mikononi mwake, alipobanwa, alirudi nyuma kwenye chakula chake na jamaa zake.”

Mwanafunzi anaandika: “Mkulima wa kawaida hakuwa mfungwa wa soko wala wa dola, kwani jembe, ardhi na nguvukazi vyote vilikuwa mikononi mwake, alipobanwa, alirejea kwenye chakula chake na ndugu zake (Hyden, 1980).”

Amebadili maneno saba. Mpango wa sentensi haukuguswa: kanusho linakuja kwanza, kisha sababu yenye vitu vitatu, kisha mkato, kisha mkulima anarudi nyumbani. Mtafiti wa Marekani, Rebecca Moore Howard, aliupa uandishi wa namna hii jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita uandishi wa viraka, na alihimiza walimu wautazame kama hatua ya mtu anayejifunza kuandika kuhusu jambo ambalo bado halijamkaa vizuri, si kama hila ya mwizi. Nakubaliana naye, ingawa najua vyuo vingi haviangalii nia unapofikishwa mbele ya kamati.

Viraka vina ubaya mwingine ambao wanafunzi hawauoni: vinaharibu hoja. Tazama “shamba” lilipogeuka “ardhi”. Mkulima alikuwa na shamba alilolitumia, lakini tangu enzi za ukoloni sheria imeiweka ardhi ya Tanzania chini ya mkuu wa nchi: Gavana wakati ule, Rais baada ya uhuru. Katika insha ya siasa, kusema ardhi ilikuwa mikononi mwa mkulima ni dai jipya kabisa, na sasa limebandikwa jina la Hyden. Aliyekuwa akitafuta kisawe tu amemsingizia mwandishi.

Na kile cha kiada kiko wapi? Mwanafunzi hakuwahi kukifungua kitabu cha Hyden. Alisoma muhtasari wa mtu mwingine, kisha akarejelea kana kwamba amesoma chenyewe. Ikiwa huwezi kukipata kitabu cha asili, sema wazi kwamba unamtaja Hyden kama alivyoelezwa na fulani. Usipofanya hivyo, kosa la mfupishaji linakuwa lako.

Nilimrudisha maktaba. Nilimwambia asome sura moja ya Hyden mwenyewe, afunge kitabu, anisimulie kama anavyomsimulia shangazi yake asiyejua lolote kuhusu siasa. Alianza vizuri, halafu akakwama kwenye dhana ambayo Hyden ameipa jina la Kiingereza, economy of affection. Ukiitafsiri neno kwa neno utapata kitu kama uchumi wa mapenzi, na shangazi atacheka. Tuliafikiana kuiita “uchumi wa undugu”, lakini nilimtaka aandike kwamba tafsiri ni yake, maana undugu ni mwembamba kuliko anachokisema Hyden: yeye anawahesabu pia watu wa kijiji kimoja na wa dini moja. Wengi hudhani kutafsiri kunatosha kuyafanya mawazo kuwa yako. Wazo linabaki la mwenyewe katika lugha yoyote, na programu kama Turnitin, inayotafuta maneno yanayofanana, isipoliona haimaanishi kwamba hukulichukua.

Kisha tukaja kwenye vitenzi. Aliandika kwamba Hyden “alithibitisha”. Hapana, Hyden anadai. Mwaka 1986 Nelson Kasfir aliandika kuhoji kama kweli wakulima wa Afrika wanajitosheleza, akiona kwamba wamekwishafungamana na soko na dola kuliko Hyden anavyokiri. Ukisema “alithibitisha” umefunga mjadala ulio wazi. Na ukiandika kwamba kwa mujibu wa Hyden wakulima walikuwa wavivu au wajinga, hapo umemdhulumu, kwani hoja yake nzima inasimama juu ya mkulima anayejua vizuri maslahi yake.

Aya aliyoileta wiki iliyofuata ilisomeka hivi:

“Goran Hyden (1980) hajiulizi kama wakulima waliipenda Ujamaa, anajiuliza serikali ilikuwa na nini cha kuwabana nacho. Jibu lake ni kwamba haikuwa na cha kutosha. Familia iliyojilisha yenyewe, ikisaidiwa na kile anachokieleza kama mtandao wa watu wa karibu (nitauita uchumi wa undugu, tafsiri yangu), iliweza kuipa amri kisogo. Kwa maoni yangu, hoja hii inaeleza kwa nini amri hazikuzaa mavuno kuliko inavyoeleza kwa nini mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970. Dola iliweza kuihamisha miili, hata kama haikuweza kuyaamuru majembe.”

Jina la Hyden liko mwanzoni, kwa hiyo msomaji anajua mkopo unaanzia wapi. “Kwa maoni yangu” inamwonyesha unakoishia. Namba za kurasa alikuwa bado hajaziweka. Nilipomuuliza akafungua daftari lake, safari hii lina rangi mbili, bluu kwa maneno ya kitabu na nyeusi kwa yake, na pembeni ya kila mstari wa bluu kulikuwa na namba ya ukurasa.

Sentensi ya mwisho, ile ya miili na majembe, ilikuwa nyeusi.