Maoni 400 ya Wateja: Uanze Kurekebisha Lipi?

"Pilau tamu sana ila nimesubiri mpaka njaa ikaisha." Nyota tatu. "Kachumbari hamna, pilipili hamna, na simu hampokei." Nyota moja. "Chakula kizuri, bei ndiyo imechangamka kidogo." Nyota nne.

Mwenye mgahawa anayesoma maoni kama haya kila siku huishia kulikimbilia la mwisho kusomwa. Leo mteja kalalamikia bei, kesho bei inashushwa. Wiki ijayo mwingine kaja juu kwa sababu ya bodaboda, na bodaboda anaachishwa kazi. Maoni yote anayasoma, ila hayahesabu, kwa hiyo lililoandikwa kwa hasira zaidi ndilo linaloamua pesa iende wapi.

Kuyahesabu si kazi ya kampuni kubwa. Mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na programu ya majedwali, Excel au Google Sheets, anaweza kuimaliza kwa siku chache. Tuifuate kwa mfano wa kubuni: mgahawa mdogo wa pilau na biriani pale Sinza, Dar es Salaam, wenye meza chache lakini oda nyingi zinazotoka kwa bodaboda. Kwa mwaka mmoja umepata maoni 400, mengine Google Maps na mengine kwenye programu ya kuagizia chakula. Nyota zake zimekaa hivi: tano 230, nne 75, tatu 30, mbili 20, moja 45. Umbo hilo, la watu wengi juu, wachache katikati, kisha kundi jingine kule chini kabisa, ni la kawaida kwenye maoni ya mtandaoni. Aliyefurahi sana huandika, aliyeudhika sana huandika, na aliyekula akaridhika tu hula akaondoka. Ndiyo maana wastani wa nyota hausaidii sana. Unachanganya makundi mawili yasiyofanana.

Hesabu kero, si maoni

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kuhesabu, nalo ni kumpa kila mteja mstari mmoja kwenye jedwali. Yule aliyekosa kachumbari na pilipili hakupokelewa simu pia. Hizo ni kero mbili, oda pungufu na simu, na kila moja inastahili mstari wake wenye tarehe, nyota, maneno yenyewe na jina la kero. Wenye nyota nne nao wasirukwe, maana wao ndio husema kwa utulivu kilichokosekana. Katika mfano wetu, maoni 140 yana angalau kero moja, na yakishachambuliwa yanatoa mistari 190.

Majina ya kero yatoke kwenye maoni yenyewe, si kichwani mwa mwenye biashara. Soma kwanza maoni 50 au 60 yenye malalamiko ukiandika pembeni kila linalosemwa, kisha yakusanye yanayofanana. Kero mpya zikiacha kujitokeza, funga orodha. Mgahawa wetu umebaki na saba: kuchelewa, chakula kupoa, mchuzi kumwagika, oda pungufu, simu, bei na ladha, pamoja na fungu la mengineyo. Kila jina liandikiwe sentensi moja ya mpaka. "Kuchelewa" ni chakula kufika baada ya muda ulioahidiwa. Kuchelewa kujibiwa simu kunaingia kwenye "simu". Halafu mpe mtu mwingine, mpishi au binti wa kaunta, maoni 50 ayapange peke yake bila kuona yako. Mkitofautiana mahali pengi, mipaka yenu haieleweki, na hesabu yoyote itakayofuata itakuwa ya kubahatisha.

Wengi hujaribu kufupisha kazi kwa kutafuta neno. Ukiandika "chelew" kwenye kisanduku cha kutafutia utapata "mmechelewesha" na "kachelewa", lakini utapata pia "hawachelewi kabisa", ambayo ni sifa. Na yule aliyesubiri mpaka njaa ikaisha hutampata, wala aliyeandika kwa kejeli, "Hongereni, chakula cha mchana kimefika jioni." Kwa maoni mia chache, macho ya mtu bado yanafaa kuliko kutafuta neno.

Maoni yenye harufu ya uongo usiyafute. Yakiwa mengi kwa siku moja, maneno yakifanana, na hakuna anayetaja alichokula, yawekee alama, kisha hesabu mara mbili: yakiwemo na yasipokuwemo. Mpangilio wa kero usipobadilika, huna haja ya kuumiza kichwa.

Wingi peke yake unadanganya

Jedwali likishakaa sawa, nyota zikiwa safu ya B na jina la kero safu ya D, fomula mbili zinatosha:

```
=COUNTIF(D:D,"kuchelewa")
=AVERAGEIF(D:D,"kuchelewa",B:B)
```

Ya kwanza inatoa idadi, ya pili wastani wa nyota za waliotaja kero hiyo. Kwa idadi, mgahawa wetu una kuchelewa 62, kupoa 31, oda pungufu 28, bei 24, kumwagika 17, simu 14, ladha 8 na mengineyo 6. Wengi wangeishia hapo: kuchelewa kwanza, kupoa pili, na bei ya nne.

Tazama sasa nyota. Waliolalamikia bei wametoa wastani wa 3.8. Wananung'unika, lakini wamekula na pengine watarudi. Waliopata oda pungufu wametoa 1.6, na wa kuchelewa 2.6. Ili kuunganisha wingi na uzito, chukua nyota zilizopotea, yaani 5 ukitoa wastani, uzidishe kwa idadi. Kuchelewa kunapata alama 149. Oda pungufu inapanda mpaka 95 na kuipita kupoa yenye 81. Bei inashuka mpaka 29, chini hata ya mchuzi kumwagika na simu, ambazo kila moja iko karibu na 42. Kero iliyoonekana ya nne sasa ni ya sita, na aliyekuwa tayari kupunguza bei ameokoa faida yake.

Kwa nini kachumbari iliyosahaulika iudhi kuliko bei? Profesa Noriaki Kano wa Japani alilieleza jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 1984. Yapo mambo ambayo yakiwepo hakuna anayekushukuru, lakini yakikosekana mteja anakasirika. Oda kamili ni mojawapo. Hakuna anayeandika "asanteni, mlikumbuka kila kitu," kwa hiyo huwezi kupima umuhimu wake kwa kuhesabu sifa.

Alama hizi zina udhaifu wake. Mteja mwenye kero tatu ametoa nyota moja kwa zote, na hujui ni ipi iliyomshusha. Zichukue kama njia ya kupanga foleni, usizigeuze kuwa kipimo cha mizani.

Kero mbili, chanzo kimoja

Kabla ya kutumia pesa, angalia kero zinazotembea pamoja. Kati ya waliolalamika kwamba chakula kimepoa, 31, waliotaja kuchelewa katika maoni yayo hayo ni 25. Hapa mwenye mgahawa angeweza kununua mifuko ya kutunza joto na kujipongeza, ilhali biriani inapoa kwa sababu imekaa mahali fulani muda mrefu. Swali ni wapi.

Maoni hayawezi kujibu hilo peke yake. Google Maps huonyesha muda kwa ujumla tu, kama "miezi 3 iliyopita", na siku ya kuandika si lazima iwe siku ya kula. Inabidi urudi kwenye kumbukumbu za oda. Katika mfano wetu, malalamiko 40 ya kuchelewa yaliweza kuoanishwa na oda zake, na 27 kati ya hayo ni ya Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati wa swala ya Ijumaa na baada yake, oda zinapoingia kwa mkupuo. Tatizo si la kila siku, basi, na kumfokea mpishi Jumanne hakutalitatua.

Hatua inayofuata ni kalamu. Kwa Ijumaa mbili, kila karatasi ya oda iandikwe saa tatu tofauti: oda ilipoingia, chakula kilipofungwa, bodaboda alipoondoka. Hapo mambo yanajitokeza: jikoni wanatumia kama dakika 15, kisha mfuko unakaa kaunta dakika 35, kwa kuwa bodaboda anangoja oda tano za upande mmoja ndipo aondoke. Ukiongeza mpishi, mifuko itarundikana kaunta mapema zaidi, basi.

Foleni ya matengenezo

Mpangilio wa mwisho unaongeza swali la gharama. Oda pungufu iko ya pili kwa alama, lakini inatangulia kwa utekelezaji kwa sababu haihitaji senti: anayefunga asome karatasi kwa sauti na mwenzake aangalie ndani kabla mfuko haujafungwa. Inaweza kuanza kesho. Ya pili ni kuchelewa: bodaboda wa ziada kwa saa mbili za Ijumaa, na sharti la kuondoka na oda mbili au akishangoja dakika 10. Hiyo inagharimu, lakini inabeba na sehemu kubwa ya kupoa. Ya tatu ni vifuniko vya mchuzi na mtu mmoja wa kushika simu. Bei inangoja.

Tengeneza moja, upe muda, ndipo uende nyingine, la sivyo hutajua ni ipi iliyosaidia. Na usishangilie mapema. Malalamiko 62 kwa mwaka ni kama 5 kwa mwezi, na namba ndogo hivyo huyumba zenyewe: mwezi mmoja 2, mwingine 8, bila chochote kubadilika. Yakishuka mpaka 2 mwezi wa kwanza, hiyo bado si habari. Kwa miezi mitatu ungetarajia kama 15. Ukipata 4 au 5, hapo kuna jambo. Gawanya pia kwa idadi ya oda. Ramadhani oda za mchana hupungua, na malalamiko yake hupungua nazo, bila mtu kurekebisha lolote.

Karatasi za oda zenye saa tatu zitakuonyesha mabadiliko mapema zaidi kuliko maoni, kwa sababu kila oda inahesabiwa, hata ya mteja asiyeandika kitu. Dakika 35 za kaunta zikiwa 10 Ijumaa ijayo, umeshajua. Maoni yatakuja baadaye kuthibitisha, au kukwambia kwamba kero iliyokuwa ya tatu sasa imepanda ya kwanza.