Megapikseli 50 Hazichezi Gemu

Wanaokuja kwenye PUBG yetu ya Alhamisi usiku wanamjua mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza kwa maneno mawili: "Nimekwama tena!" Duara linafunga, tumebaki wanne, tunasikia risasi, halafu simu yake inaganda. Ikizinduka, yeye keshakufa, na mara nyingi sisi tunamfuata.

Simu yenyewe alikuwa nayo mwezi mmoja tu. Alikuwa ameinunua Ruwi kwa riali 52 alizoziweka kidogo kidogo kutoka kwenye posho yake, na tukiri mapema kwamba sisi ndio tuliompeleka dukani. Boksi lilisema kamera ya megapikseli 50 kwa maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu, na chini yake "8 GB RAM". Tulimwambia, "Chukua, kaka, hiyo hiyo." Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza boksi kusoma upande wa pili.

Tuligeuza baadaye, tulipokuwa tunatafuta kwa nini inaganda. Zile GB 8 zilikuwa zimeandikwa kwa herufi ndogo "4+4". Maana yake simu ina GB 4 za kumbukumbu ya kweli, na GB 4 nyingine inaziazima kutoka kwenye hifadhi, pale pale picha na video zinapokaa. Hifadhi ni ya polepole mno kufanya kazi ya RAM. Kuazima huku kunasaidia kidogo ukiwa na programu nyingi zilizolala nyuma, lakini gemu inataka vitu vyake sasa hivi. Na katika zile GB 4 za kweli, Android na programu zake huchukua sehemu kubwa kabla hujafungua chochote.

Kuna njia rahisi ya kujua kama tatizo ni kumbukumbu. Fungua gemu, toka ukajibu ujumbe WhatsApp, kisha rudi. Gemu ikiendelea pale ulipoiacha, RAM inatosha. Ikianza upya kutoka nembo ya kampuni, simu imeitupa nje ili kupata nafasi. Ya mwenzetu ilikuwa inaanza upya kila mara.

Lakini kuanza upya si kuganda, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Yeye alikuwa anaganda akishuka na gari kuingia mji mpya. Wakati huo gemu inavuta kutoka kwenye hifadhi majumba, miti na sauti za mahali hapo. Hifadhi ya simu za bei ndogo ni ya aina mbili, eMMC na UFS. eMMC husoma au kuandika, haifanyi yote mawili kwa wakati mmoja. UFS hufanya yote mawili, tena kwa kasi zaidi. Boksi litakuambia "128 GB" na kunyamaza kuhusu aina. Tuliipima simu yake kwa programu ya AndroBench, ikasoma chini ya MB 300 kwa sekunde, dalili ya eMMC. Fikiria sasa: RAM imejaa, simu inaandika kwenye hifadhi zile GB 4 za kuazima, na gemu nayo inataka kusoma mji kutoka kwenye hifadhi hiyo hiyo ya njia moja. Wote wanapanga foleni, na mchezaji anakufa foleni ikiwa bado ndefu.

Tatizo la tatu lilikuwa chipu. Tangazo lilijisifu kwa "kori nane", nasi tulidhani nane ni nane. Programu ya CPU-Z ilituonyesha kwamba zote nane ni Cortex-A53, muundo uliotangazwa mwaka 2012 kwa ajili ya kubana umeme. Gemu huweka kazi nzito kwenye kori moja au mbili, kwa hiyo kori ndogo nane hazilingani na mbili kubwa zenye sita ndogo za kuzisaidia.

Tuliporudi Ruwi mara ya pili tulikuwa na riali 65, baada ya yeye kuiuza ile ya kwanza kwa hasara na sisi kuchangia kidogo, maana dhambi ilikuwa yetu. Muuzaji alitutolea simu yenye kamera ya megapikseli 50. Ndiyo, 50 zile zile! Kwa kawaida kamera kama hizo huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na kidogo. Namba hiyo haikututenganishia simu mbaya na nzuri. Ilikuwa sawa kwenye maboksi yote mawili.

Safari hii tuligeuza boksi. RAM GB 8 bila alama ya kujumlisha. Tukaingia About phone kuhakikisha, kwa sababu baadhi ya simu huonyesha humo kiasi cha kweli na cha kuazima kando kando. Hifadhi GB 256 za UFS 2.2. Chipu Helio G99, yenye kori mbili za Cortex-A76, muundo wa mwaka 2018, na sita za A55, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6, ambayo inasaidia kupunguza joto. Hapa Maskati joto si jambo dogo. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Ukiona gemu inakwenda vizuri dakika kumi na tano za mwanzo kisha inazidi kuwa nzito, usiilaumu RAM. Jaribu tena ndani ya kiyoyozi, na uvue kava.

Kwenye kioo tulibishana. Simu hii ilikuwa na kioo cha nukta 2400 kwa 1080, ile ya zamani 1600 kwa 720. Mmoja wetu alisema kikubwa ni bora, basi. Lakini kioo kikubwa kina nukta mara mbili na robo za kile kidogo, na gemu ikichorwa kwa ukubwa wote huo, chipu dhaifu inachoka. Kwa chipu ya A53, kioo cha 720 ni huruma. Kwa G99, 1080 inabebeka. Zile "120 Hz" nazo zina faida pale tu gemu inapotoa fremu za kutosha. Na angalieni, wakati mwingine namba kubwa ya Hz kwenye boksi ni kasi ya kuhisi kidole, si kasi ya picha.

Kwa hiyo tulimwomba muuzaji ruhusa, tukaunganisha simu kwenye mtandao wetu na kupakua PUBG pale pale. Alinung'unika lakini alituletea viti. Kwenye mipangilio ya Graphics, gemu huonyesha viwango vya Frame Rate inavyoiruhusu simu hiyo. Tukiweka Smooth, ile ya zamani ilikuwa inaishia High, yaani fremu 30. Hii ilitupa Ultra, fremu 40. Tofauti ya kumi unaisikia kidoleni.

Si kwamba inaweza kila kitu. Alipakua Genshin Impact, ikala zaidi ya GB 20, na hata kwa picha za chini kabisa fremu zilishuka kila vita vilipopamba moto. Aliifuta siku ya tatu.

Alhamisi iliyopita tulibaki watatu kwenye duara la mwisho na yeye akiwa mmoja wao. Picha zake za usiku bado zina chembechembe, hivyo picha za sherehe ya klabu zitapigwa kwa simu ya mwenyekiti.