Shukrani bila kujidanganya

Tuseme ni mama wa Temeke ambaye mwanawe wa miaka tisa ana selimundu. Ameshauriwa aandike kila usiku mambo matano ya kumshukuru Mungu. Usiku wa kwanza anaandika uzima, chakula, watoto, kazi na maombi. Baada ya wiki moja bado anaandika yale yale. Kisha mtoto anashikwa na maumivu ya mifupa saa nane usiku, analazwa, na mama akilifungua daftari anajiona mtu asiye na shukrani kwa sababu hana la kuandika.

Wanaofika kwetu kutafuta ushauri wakiwa na daftari kama hilo hudhani imani yao ndiyo imepungua. Mara nyingi tatizo ni zoezi lenyewe.

Kwanza, hesabu. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Norbert Schwarz na wenzake waliwaomba watu wakumbuke nyakati walizosimama imara kujitetea. Wengine waliombwa mifano 6, wengine 12. Walioandika 12 walikuwa na ushahidi mwingi zaidi, lakini ndio waliojiona wanyonge zaidi, kwa sababu mifano ya mwisho waliitafuta kwa taabu, na taabu ile wakaichukulia kuwa dalili kwamba hawana ujasiri. Jaribio halikuhusu shukrani, ila ukimlazimisha mtu aliyechoka ajaze nafasi tano kila usiku, ni rahisi kuona atafikia hitimisho gani kuhusu maisha yake. Jambo moja, mara moja au mbili kwa wiki, linatosha.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, daftari lake halina mahali pa kuandika ugonjwa. James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza mwaka 1993 na kuwataka baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Karaha waliyoisikia haikupungua, na baadhi ya vipimo vya mwili, kama jasho la ngozi, vilionyesha kuwa mwili unahangaika zaidi kuliko wa wale walioachwa huru. Mama anayemjibu kila jirani “tunamshukuru Mungu” huku roho inamuuma anafanya kazi ya aina hiyo mchana kutwa. Daftari lisimwongezee zamu ya usiku.

Kwa hiyo tunaanza na uzito, kwa sentensi zisizopambwa. Anaandika: “Mtoto amelia tangu saa nane mpaka alfajiri. Nimeogopa. Nimekosa siku mbili za kazi na sina nauli ya kesho.” Ndipo anatafuta jambo moja lililotokea ndani ya usiku ule ule, lenye mtu na tendo: “Kijana wa bodaboda wa pale kona aliamka nilipogonga, akatupeleka, akasema hela nitampa mwisho wa mwezi. Hakuwa na lazima ya kuamka.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza, maana inamrudisha kwenye hiari ya mtu mwingine, na hapo ndipo shukrani huzaliwa bila kusukumwa. Halafu anaongeza mstari wa tatu kuhusu lililobaki: “Kesho nimuulize daktari kama dozi ya haidroksiurea ibadilishwe kwa kuwa uzito wa mtoto umeongezeka.”

Angalia kwamba bodaboda hakufuta nauli iliyokosekana. Sehemu hizo mbili zinakaa ukurasa mmoja, na hakuna inayotumwa kuishinda nyingine. Pia hakuna mtoto wa jirani aliyezidiwa anayeletwa ili huyu aonekane afadhali. Ulinganisho huo hutuliza kwa dakika chache kisha huacha aibu.

Utajuaje kama zoezi limekwenda kombo? Ukimaliza kuandika ukajiona huna haki ya kuumia, au ukagundua kuwa jambo la kudai, kuuliza au kukataa limeahirishwa tena kwa kuwa “tushukuru tulichonacho”, simama. Ninalisema hili hasa kwa anayepigwa nyumbani. Mume akileta unga baada ya kipigo, unga huo si wa kuandikwa kwenye daftari la shukrani. Hapo kinachotakiwa ni usalama na mtu wa kumwambia.

Zoezi lenyewe lina mpaka. David Cregg na Jennifer Cheavens walizikusanya tafiti nyingi za mazoezi ya shukrani, na ripoti yao ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa yanapunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Mama yule akipitisha wiki mbili bila kulala vizuri, bila kula, bila hamu ya chochote, aende kliniki akaonwe yeye mwenyewe, siyo mtoto pekee. Mawazo ya kujiua yakija, asisubiri hata kesho.