Kuhamisha Mazungumzo na Makundi kwa Nambari Mpya Kabla Laini ya Zamani Haijazimwa

Wako akina mama wengi katika miji yetu ya pwani wanaotumia laini za simu ambazo kwa hakika si zao. Laini ilinunuliwa na kaka, au na mume, ikasajiliwa kwa kitambulisho chake, na mama akaitumia miaka kumi bila ya kufikiri jambo hilo. Mwenye jina ndiye mwenye haki ya kwenda dukani kuomba kadi mpya ya nambari ile, na kadi ile mpya ndiyo itakayopokea simu na ujumbe wote, hata zile nambari za siri za kufungulia WhatsApp. Ndiyo maana wengi wanapopata kitambulisho chao hununua laini kwa jina lao wenyewe. Swali linalofuata ni hili: mazungumzo ya miaka yote na makundi ya familia, ya madrasa na ya chama yatahamaje?

Tumchukue mama mmoja wa Mombasa kuwa mfano wetu. Yeye ni mweka hazina wa chama cha wanawake 38, na kundi lao la WhatsApp alilianzisha mwenyewe, naye ndiye msimamizi wa pekee. Laini yake imesajiliwa kwa jina la kaka yake. Amekwisha kununua laini mpya, na zote mbili zinafanya kazi. Huo ndio wakati mzuri wa kuhama.

Kosa linalowapata wengi ni kuitoa kadi ya zamani, kuifuta WhatsApp katika simu, kisha kuiweka tena na kujisajili kwa nambari mpya. Mtu akifanya hivyo, kwa WhatsApp yeye ni mgeni aliyeingia leo. Hayumo katika kundi lolote. Mazungumzo yaliyohifadhiwa hayarudi, kwa kuwa hifadhi ile imefungamana na nambari ya zamani. Na kule katika chama, wenzake bado wanaiona nambari ya zamani ndiyo msimamizi, ilhali hakuna aishikaye.

Njia iliyo sawa huanzia ndani ya WhatsApp yenyewe, ikiwa bado imefunguliwa kwa nambari ya zamani. Kwanza mama yetu afungue Settings, aguse jina lake, na ahakikishe kuwa nambari inayoonekana pale ni ile ya zamani. Kisha amfanye mwanachama mmoja anayemwamini kuwa msimamizi wa pili wa kundi, ili likitokea la kutokea kundi lisibaki bila mwangalizi. Halafu ahakikishe kuwa laini mpya inapokea ujumbe. Si lazima kadi mpya iwe ndani ya simu ile ile. Hata ikiwa katika kisimu kidogo cha vibonye, yatosha, mradi aweze kuisoma nambari ya siri itakayoletwa.

Sasa arudi Settings, aingie Account, kisha Change number. Baada ya maelezo mafupi na kitufe cha Next, ataona nafasi mbili: ya juu ni ya nambari ya zamani, ya chini ni ya nambari mpya. Kila moja ina sehemu ya nambari ya nchi, nayo kwetu ni 254, ikifuatiwa na tarakimu tisa bila ya ile sifuri ya mwanzo. Azisome tarakimu za chini mara mbili, kwani hapo ndipo nambari ya siri itakapopelekwa.

Ukurasa unaofuata huuliza ni nani wajulishwe: watu wote walio katika orodha ya simu, au wale tu aliowahi kuzungumza nao, au wale atakaowachagua mmoja mmoja. Hapa pana jambo ambalo kila mwanamke anayebadilisha nambari kwa ajili ya kukwepa usumbufu yafaa alijue. Chaguo hili linahusu watu binafsi tu. Makundi yote hujulishwa, upende usipende, na kila aliye ndani ya kundi huiona nambari mpya. Ikiwa yule unayemkimbia yumo katika kundi moja nawe, toka katika kundi hilo kabla ya kuhama, si baada yake.

Akigusa Done, tarakimu sita zitafika katika laini mpya. Aziandike, na asimpe mtu yeyote. Zikikubaliwa, kazi imekwisha: mazungumzo yamebaki pale pale katika simu, makundi yamehamia nambari mpya, na akaunti ya nambari ya zamani imefutwa. Ili ajue kwamba kweli amehama, afungue maelezo ya kundi la chama atazame kama nambari mpya imo na kama bado imeandikwa kuwa msimamizi. Wenzake nao wataona katika kundi mstari unaosema kwamba amebadilisha nambari.

Huenda pia skrini ikamwomba tarakimu sita nyingine ambazo hakuziweka yeye. Hilo hutokea pale laini mpya ilipokuwa ya mtu mwingine zamani, naye akaiwekea WhatsApp yake kinga ya Two-step verification. Asibahatishe. Atalazimika kungoja siku saba ndipo aruhusiwe kuiondoa kinga hiyo, au atafute laini nyingine.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa nambari ya siri huja katika laini mpya, ya zamani ina kazi gani? Kazi yake ni kinga. Simu ikiharibika, au WhatsApp ikifutika kabla ya safari kwisha, itataka kuthibitisha nambari ya zamani, na uthibitisho huo kwa kawaida hupitia kadi ya zamani. Hata aliyekwisha kufanya lile kosa tulilolitaja aweza kurudi nyuma akiwa bado anayo: ajisajili tena kwa nambari ya zamani, arejeshe hifadhi yake, kisha aifuate njia hii. Laini ikizimwa, mlango huo kwa kawaida hufungwa. Vilevile anayebadilisha simu pamoja na nambari aanze kubadilisha nambari katika simu ya zamani, ahifadhi mazungumzo upya, ndipo ahamie simu mpya.

Limebaki la fedha. WhatsApp haina habari na M-Pesa. Mwanachama akituma mchango wake kwa nambari aliyoizoea, fedha zitaingia katika laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka. Kwa hivyo mweka hazina wetu aihamishe akiba ya chama, awajulishe benki, na asiitupe kadi ya zamani mpaka mzunguko mzima wa michango upite bila ya mtu kukosea.

Wanachama nao wana wajibu wao. Matapeli hupenda kuandika kwa nambari ngeni: "Nimebadilisha nambari, nitumieni huku." Nambari ngeni inayoanzisha mazungumzo mapya si sawa na ule mstari wa WhatsApp unaotokea ndani ya kundi la siku zote. Lakini hata mstari huo hautoshi, maana akaunti yaweza kuibwa. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mpigieni mweka hazina katika ile nambari ya zamani, ambayo bado inalia, msikie sauti yake mnayoijua akiwatajia mpya kwa kinywa chake.