Nani Avute Kamba?

Mchoro wa Leonardo da Vinci wa miaka ya 1480 unaonyesha mtu ananing'inia chini ya hema la kitani lenye umbo la piramidi. Mwaka 2000 Mwingereza Adrian Nicholas alitengenezewa hema kama hilo, akaruka nalo kutoka kwenye puto huko Afrika Kusini. Likaelea vizuri. Ila lilikuwa na uzito wa kilo 85 hivi, na kwa kuhofia lisije likamponda wakati wa kutua, alijifungua kabla hajafika chini na kumalizia safari kwa parachuti ya kisasa.

Kwa hiyo kukinga upepo kwa kitambaa si jambo lililowashinda watu wa kale. Kilichowasumbua kwanza kilikuwa kuyumba. Tarehe 22 Oktoba 1797, André-Jacques Garnerin alipanda na puto juu ya Paris, kisha akakata kamba iliyomshikilia. Mwavuli wake wa hariri ulifunguka, lakini kikapu alichokuwamo kikapepesuka huku na huku kama pembea hadi chini. Hewa iliyonaswa ndani haikuwa na njia ya kutokea, hivyo ikawa inamwagika mara ukingo huu, mara ule, na kila ilipomwagika ilisukuma mwavuli upande wa pili. Dawa yake ilikuwa ndogo ajabu: tundu kileleni, hewa ipenye hapo kwa utulivu.

Ndege ilipokuja, shida ilibadilika. Puto hutulia, na mwavuli unaweza kuning'inia chini yake ukiwa tayari umenyooka. Rubani yumo kwenye tundu jembamba, upepo unamchapa, nyuma yake kuna mkia uliojaa ncha na nyaya. Mwaka 1912 Albert Berry aliruka kutoka kwenye ndege huko Marekani, lakini parachuti yake ilikuwa ndani ya chombo kilichofungwa kwenye ndege, na uzito wa mwili wake ndio ulioichomoa. Hata Wajerumani, walioanza kuwapa marubani wao parachuti za Heinecke mwaka 1918, walifuata njia hiyo: kamba ilibaki imefungwa kwenye ndege, rubani akianguka inafungua mfuko wake.

Njia hiyo inafaa ndege ikiwa imetulia. Lakini rubani anayeruka ili kujiokoa haachi ndege iliyotulia. Anaacha inayozunguka, inayowaka, au inayoanguka pamoja naye, na kamba inaweza kujisokota kwenye mkia. Ernst Udet aliyapata hayo mwezi Juni 1918. Mikanda yake ilinasa kwenye usukani wa nyuma, akaburutwa na ndege yake mwenyewe hadi alipojinasua karibu kabisa na ardhi.

Basi kwa nini rubani asianguke kwanza, akaiacha ndege mbali, ndipo afungue mwenyewe? Wengi walikataa wazo hilo. Waliamini kwamba mtu anayeporomoka hewani huzimia, au walau mikono yake haimtii. Hofu hiyo ilipimwa katika uwanja wa McCook, Dayton, jimbo la Ohio. Kikosi cha Meja Hoffman, kilichokuwa na fundi Floyd Smith, kiliunda mfuko wa kuvaliwa mgongoni wenye waya wa kuvuta kwa mkono. Waya ukivutwa, mfuko unafumuka, kiparachuti kidogo chenye springi kinaruka nje na kudaka upepo, nacho kinauvuta mwavuli mkubwa wa hariri. Tarehe 28 Aprili 1919 Leslie Irvin aliujaribu kutoka urefu wa mita 450 hivi. Hakuzimia. Alivuta, mwavuli ukafunguka, na jeraha lake pekee lilikuwa kifundo cha mguu alichokivunja wakati wa kutua.

Jaribio ni jaribio. Dharura ni kitu kingine. Mnamo 20 Oktoba 1922 Luteni Harold Harris alikuwa akijaribu ndege juu ya Dayton. Usukani wa mkononi ulianza kutikisika kwa nguvu hadi ukamchubua mapaja, na mabawa yakaanza kukatika. Alifungua mkanda, upepo ukamng'oa kitini. Akiwa anapinduka hewani akavuta. Kimya. Akavuta tena, kisha mara ya tatu. Alikuwa ameshika kifungo cha mkanda wa mguu, si waya! Mkono ulipopata mahali pake alikuwa amebakiwa na mita 150 hivi. Alitua kwenye mizabibu ya uani kwa mtu, akiwa na michubuko tu.

Ile hofu ya miaka mingi ilikuwa imekosea mahali. Harris alikuwa na fahamu zake zote na mikono ilimtii, ila haikujua pa kushika. Na angekuwa chini zaidi kidogo tu, asingepata nafasi ya kuvuta mara ya nne.

Baada ya kisa hicho kilianzishwa chama cha watu waliookolewa na parachuti. Wanachama wa kwanza walipewa pini yenye umbo la kiwavi, kwa heshima ya mdudu aliyefuma hariri ya miavuli yao.