Magauni mawili ya shule baada ya kufuliwa mara 24

Mwezi wa Februari, kabla ya muhula wa kwanza kuanza, nilikuwa na pesa za magauni mawili tu ya shule kwa binti zangu wawili hapa Oruchinga. Moja nililinunua tayari limeshonwa, sokoni Mbarara. Jingine nilinunua kitambaa, nikampelekea fundi cherehani hapa kambini. Rangi ilikuwa moja, buluu. Majirani walikuwa wakiniuliza lipi ni bora, nami sikutaka kujibu kwa kuangalia gauni jipya, kwa sababu gauni jipya huficha mambo. Nikasubiri mpaka muhula uishe.

Kabla ya kufua mara ya kwanza, nilikata kipande kidogo ndani ya upindo wa kila gauni, nikavifunga kwenye karatasi na kuviweka sandukuni. Hicho ndicho kipimo changu. Macho huzoea rangi inayopauka polepole, lakini ukiweka kipande kipya juu ya bega la gauni, nje kivulini, tofauti huonekana mara moja. Nilifua mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, yaani mara 24, kwa sabuni ya mche, na kuanika juani.

Gauni la Mbarara lina poliesta nyingi. Nilichoma uzi wake mmoja: uliyeyuka ukawa kitone kigumu cheusi. Rangi yake ilibaki karibu sawa na kipande cha sandukuni. Lakini mbele ya tumbo na kwenye makalio, mahali panaposuguliwa na dawati na mkoba, kitambaa kimetoa vidonge vidogo vya nyuzi. Tatizo kubwa lilikuwa mshono. Kwapani ulifunguka baada ya wiki ya tano. Nilipogeuza gauni nje ndani nikaelewa: ndani ya inchi moja kulikuwa na matundu ya sindano 7 tu, na kitambaa kilichoachwa pembeni ya mshono hakikufika nusu sentimita. Mtoto akiinua mkono, nyuzi za kitambaa huchomoka kutoka kwenye mshono. Kushona tena ni vigumu, kwa kuwa hakuna akiba ya kushikia.

Gauni la fundi ni la pamba. Uzi wake uliwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Mshono wake una matundu 11 kwa inchi, umepitishwa mara mbili, na akiba ni sentimita moja na nusu. Hakuna mahali palipofunguka. Kasoro zake ni mbili. Lilirudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza: urefu ulikuwa sentimita 80, ukawa 77. Pia limepauka mabegani na mgongoni, pale jua lilipopiga kwenye kamba, huku chini ya kola likibaki na rangi yake. Hiyo inaonyesha kuwa jua ndilo lililolipausha zaidi, kwa maana sabuni iligusa gauni lote. Kurudi ni kosa langu kwa sehemu: kitambaa cha pamba hulowekwa usiku mmoja na kukaushwa kabla ya kukatwa, nami nilikuwa na haraka.

Kwa hiyo siwezi kusema moja limelishinda jingine kwa kila kitu. La Mbarara lina rangi inayodumu na mshono mbaya. La fundi lina mshono mzuri na rangi inayopauka. Tena haya ni magauni mawili tu, na binti mdogo hucheza sana kuliko mkubwa. Yule mdogo ndiye aliyevaa la Mbarara, basi sehemu ya uchakavu ni yake. Gauni jingine kutoka meza ileile linaweza kuwa na mshono tofauti.

Muhula ujao nitanunua kitambaa kilichochanganywa pamba na poliesta, nikilowekee nyumbani, kisha nimpe fundi na kumwambia aache akiba ya sentimita moja na nusu, na upindo mpana wa kushusha mtoto akikua. Nitayaanika yakiwa yamegeuzwa nje ndani.

Ukinunua lililoshonwa tayari, ligeuze nje ndani kabla ya kulipa. Vuta mshono wa kwapa kwa vidole gumba: ukiona mwanga kati ya nyuzi, liache. Sugua upindo kwa kitambaa cheupe chenye maji: kikichukua rangi, gauni litachafua nguo nyingine kwenye beseni. Na ukimsifia jirani nguo yako, mwambie pia umeifua mara ngapi.